Kuondoa Rangi Nyeusi Kwenye Nywele: Kiondoa Rangi, Blichi ya Shampuu na Matokeo Yake

Rangi nyeusi au ya kahawia iliyokoza haiondoki kwa kupakwa rangi nyingine nyepesi juu yake, kwa kuwa rangi ya nywele haina uwezo wa kung'arisha rangi iliyotangulia, na matokeo ya jaribio hilo huwa ni nywele zilezile nyeusi zenye mzigo mmoja zaidi wa dawa. Njia zinazofanya kazi kweli ni mbili. Ya kwanza ni kiondoa rangi, yaani dawa inayovunja molekuli za rangi ya dukani bila kuugusa weusi wa asili. Ya pili ni blichi ya shampuu, yaani blichi ya unga iliyochanganywa na peroksaidi na kupunguzwa makali kwa shampuu, ambayo hula rangi ya dukani na weusi wa asili kwa pamoja. Uchaguzi kati ya njia hizi haupaswi kutegemea ipi ni kali zaidi, bali ni nini hasa kimo ndani ya unywele, na kosa linalowaharibia watu wengi nywele ni kuanza na blichi pale ambapo kiondoa rangi kingemaliza sehemu kubwa ya kazi kwa madhara machache.

Kilichomo ndani ya unywele

Unywele umefunikwa kwa magamba membamba ya nje, na ndani ya magamba hayo kuna koteksi, yaani sehemu nene ya kati inayobeba nguvu ya unywele pamoja na melanini, ambayo ndiyo rangi ya asili. Rangi ya kudumu, ile inayouzwa kwa boksi lenye chupa mbili, haipakwi juu ya unywele kama rangi ya ukuta. Chupa moja hubeba viambato vidogo visivyo na rangi, kimojawapo kikiwa parafenilindiamini, ambayo kwenye maboksi mengi huandikwa kwa kifupi PPD, pamoja na amonia au kemikali inayofanana nayo ya kufungua magamba. Chupa ya pili hubeba haidrojeni peroksaidi. Vikichanganywa, viambato hivyo vidogo hupenya hadi kwenye koteksi, huko huoksidishwa na peroksaidi, huungana na kuwa molekuli kubwa zenye rangi, na kwa ukubwa wao hushindwa kutoka tena. Kanuni hiyo imekuwa ikitumika tangu mwishoni mwa karne ya 19, na ndiyo inayoeleza kwa nini rangi ya kudumu haitoki kwa sabuni.

Jambo la pili hutokea wakati huohuo bila kuonekana, nalo ni muhimu kuliko yote kwa mtu anayetaka kuiondoa rangi baadaye. Peroksaidi na amonia, mbali na kuunda rangi mpya, huchoma kiasi fulani cha melanini. Mtu aliyepaka rangi nyeusi juu ya nywele nyeusi huona weusi tu, lakini chini ya weusi huo rangi yake ya asili imekwishapungua na kuacha wekundu, kwa sababu melanini ikipungua haiendi moja kwa moja kwenye kahawia safi, bali hupitia wekundu wa kutu, kisha rangi ya chungwa, kisha njano. Kwa hiyo hakuna dawa yoyote ya kuondoa rangi inayoweza kumrudishia mtu nywele zake za zamani. Melanini iliyochomwa haipo tena, na kitakachofichuliwa ni wekundu ulioachwa na rangi yenyewe siku ilipopakwa.

Wasusi hupima weusi wa nywele kwa ngazi kuanzia 1, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 10, ambayo ni dhahabu hafifu sana. Nywele za asili za watu wengi wa Afrika Mashariki ziko kwenye ngazi ya 1 au ya 2. Zikipandishwa hadi ngazi ya 3 au ya 4, huonyesha wekundu wa kutu. Kwenye ngazi ya 5 huonekana wekundu wenye uchungwa, kwenye ya 6 uchungwa wazi, na njano huanza kutawala kuanzia ngazi ya 7 na ya 8. Mfuatano huo hauna njia ya mkato, nao ndio utakaoonekana iwe dawa iliyotumika ni ghali au rahisi.

Kujua ni rangi gani inayoondolewa

Kabla ya kununua chochote, aina ya rangi iliyomo kichwani lazima ijulikane, kwa maana kiondoa rangi hufanya kazi kwenye aina moja tu, yaani ile iliyoundwa ndani ya unywele kwa oksidisho. Rangi za muda, ambazo hupakwa bila kuchanganywa na chupa ya pili, huwa tayari zina rangi kamili tangu kwenye chupa na hung'ang'ania karibu na magamba. Kiondoa rangi hakina cha kuvunja hapo kwa uhakika, na nyeusi nyingi za muda hufifia zenyewe kwa kuoshwa mara kwa mara kwa shampuu isiyo na mafuta. Nyeusi za aina hii huwa na msingi wa buluu, na zikipakwa blichi zinaweza kuacha kijani ambacho hakitoki kwa urahisi, kwa hiyo subira ni bora hapa kuliko dawa.

Hina halisi, ambayo rangi yake hutoka kwenye jani na kushikana na keratini, yaani protini ya unywele, haitoki kwa kiondoa rangi. Piko ni suala jingine. Unga mweusi unaouzwa kwa jina hilo, au kwa jina la hina nyeusi, pamoja na pakiti ndogo za unga ambazo wazee wengi hutumia kufunika mvi, mara nyingi una PPD, na kwa kuwa rangi yake huundwa kwa oksidisho, kiondoa rangi kinaweza kuigusa, ingawa weusi huwa mwingi mno na huhitaji zaidi ya mara moja. Hatari kubwa imo kwenye rangi zenye chumvi za metali, ambazo baadhi ya hina zilizochanganywa na dawa za kuficha mvi polepole huwa nazo. Metali hizo zikikutana na peroksaidi huweza kuchemka, kutoa joto kali na kukata nywele papo hapo.

Kipimo chake ni rahisi, na hakipaswi kurukwa na mtu yeyote asiye na uhakika wa alichowahi kupaka. Kishungi kidogo cha nywele hukatwa sehemu isiyoonekana, kikafungwa kwa uzi, kikatumbukizwa kwenye chombo cha kioo chenye mililita 30 za peroksaidi ya asilimia 6 iliyotiwa matone 20 ya maji ya amonia, kikaachwa humo kwa dakika 30. Kishungi kikipata joto, kikitoa mapovu mengi au harufu mbaya, kikibadilika rangi ghafla au kikikatika kinapovutwa, kichwa hicho hakifai kuguswa na blichi, wala na rangi yoyote yenye peroksaidi, na njia iliyobaki ni kuzikata nywele kidogokidogo kadiri mpya zinavyoota.

Namna kiondoa rangi kinavyofanya kazi

Kiondoa rangi hufanya kinyume cha kile kilichofanywa na rangi. Ikiwa rangi iliundwa kwa oksidisho, dawa hii huleta rediksheni, yaani tendo la kemia linalorudisha nyuma oksidisho, na molekuli kubwa yenye rangi hupoteza rangi yake na kuvunjika kuwa vipande vidogo vinavyoweza kutoka kwenye koteksi. Viambato vyake vikuu huwa na salfa, na ndiyo maana harufu yake ni ya yai bovu, harufu inayoweza kubaki kwenye nywele kwa siku kadhaa kila zinapolowa. Haina blichi wala peroksaidi, haigusi melanini, na kwa nywele zisizo na dawa ya kulainisha madhara yake kwa kawaida ni ukavu tu.

Kwa kawaida huja kwa chupa mbili zinazochanganywa muda mfupi kabla ya kupakwa, kwa kuwa nguvu yake huisha haraka ikishakutana na hewa. Nywele ziwe safi, kavu na zisizo na mafuta; zigawanywe mafungu manne, na dawa ipakwe hadi kila unywele ulowe kabisa, kuanzia sehemu yenye rangi nzito zaidi, ambayo karibu mara zote ni ncha. Nywele nene za kipilipili zinazofika mabegani hunywa dawa nyingi, na boksi moja halitoshi. Ni afadhali kuwa na maboksi mawili kuliko kuinyoosha dawa kidogo kichwa kizima. Kisha kichwa hufunikwa kwa kofia ya plastiki ili joto la mwili lisaidie, na dawa huachwa kwa muda ulioandikwa kwenye boksi, ambao kwa bidhaa nyingi ni kati ya dakika 20 na 60. Kuongeza muda kupita hapo hakuleti faida, maana dawa huwa imeshachoka.

Hatua inayoamua matokeo ni kuosha, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Vipande vya rangi vilivyovunjika havina rangi, lakini bado vimo ndani ya unywele, na hewa peke yake inaweza kuvioksidisha tena vikarudi kuwa vyeusi. Mtu huona nywele nyepesi jioni, na baada ya siku moja au mbili huzikuta zimekuwa nyeusi tena, akadhani dawa ilikuwa bandia, ilhali rangi haikutolewa bali ililazwa tu. Nywele zinapaswa kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 10 hadi 20, fungu kwa fungu, zikipigwa shampuu na kusuuzwa tena na tena. Maji yanayotoka hayatakuwa meusi, kwa hiyo rangi ya maji si kipimo cha kujua kama kazi imekwisha. Mahali ambapo maji ya bomba hukatika, ndoo nne au tano za lita 20 zijazwe kabla ya dawa kufunguliwa, kwa sababu dawa iliyoko kichwani haiwezi kungoja mgao wa maji.

Kuna njia ya kuhakikisha. Nywele zikishaoshwa, kishungi kimoja kilichofichika hupakwa peroksaidi ya asilimia 3 kwa dakika chache. Kikigeuka kuwa cheusi, vipande bado vimo ndani na kuosha kuendelee, na ikibidi dawa irudiwe siku nyingine. Kikibaki kilivyo, rangi imetoka. Baadhi ya maboksi huja na chupa ya tatu ya kazi hiihii, na watu wengi huiacha kwa kudhani ni kiyoyozi cha ziada.

Kwa sababu hiyohiyo, rangi mpya yenye peroksaidi isipakwe mara tu baada ya kiondoa rangi. Mabaki yaliyomo yataoksidishwa pamoja na rangi mpya na nywele zitatoka nyeusi kuliko ilivyokusudiwa. Kungoja wiki moja au mbili, au kutumia rangi ya muda isiyo na peroksaidi, huondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa.

Blichi ya shampuu

Blichi ya unga hubeba persalfeti, yaani chumvi zinazoongeza nguvu ya oksidisho, na ikikutana na peroksaidi huvunja rangi ya dukani na melanini bila kuchagua. Shampuu haina kazi ya kusafisha hapa. Huongezwa ili kupunguza ukali, kulainisha mchanganyiko uenee upesi, na kuwezesha nywele kupakwa zikiwa na unyevu, jambo ambalo nalo huzidi kuupunguzia nguvu. Kipimo kinachotosha nywele za mabegani zenye unene wa wastani ni gramu 30 za unga, mililita 60 za peroksaidi ya asilimia 6, ambayo kwenye chupa za saluni huandikwa 20, na mililita 30 za shampuu. Kwa kuwa peroksaidi imechanganyika na shampuu, nguvu yake halisi kwenye maji hayo hushuka kutoka asilimia 6 hadi takriban 4. Kwa nywele nyembamba au zilizochoka, peroksaidi ya asilimia 3, ambayo huandikwa 10, inatosha, na nguvu halisi huwa asilimia 2 hivi. Peroksaidi ya 30 au ya 40 haina nafasi katika kazi hii.

Mchanganyiko hukorogwa kwenye bakuli la plastiki au kioo, kamwe si la chuma, ndani ya chumba chenye dirisha wazi, kwani vumbi la persalfeti huwasha mapafu na linaweza kuleta pumu kwa watu wanaolivuta mara kwa mara, wakiwamo wasusi. Glavu zivaliwe. Hupakwa haraka kwenye nywele zenye unyevu usiodondoka, kwenye sehemu zenye rangi pekee, kisha huangaliwa kila baada ya dakika 5 kwa kufuta kishungi kimoja na kukitazama kwenye mwanga. Kazi nyingi hufanyika ndani ya dakika 10, na dakika 20 ndiyo iwe mwisho. Kichwa kisiwekwe chini ya mashine ya kukaushia wala kufungwa kwa karatasi ya alumini, maana joto huongeza kasi kuliko mkono unavyoweza kuifuatilia. Mabaki ya mchanganyiko yasifungwe kwenye chupa, kwa sababu hutoa oksijeni na chupa inaweza kupasuka.

Kinachotarajiwa ni kupanda ngazi moja, au mbili kwa nadra, huku wekundu au uchungwa ukizidi kuonekana. Matokeo hayo ni sahihi, ingawa yanawatisha wanaodhani kahawia itatokea yenyewe. Kinachopaswa kutazamwa kwa wasiwasi ni hali ya unywele. Uzi mmoja uliolowa ukivutwa polepole, ukinyooka kidogo na kurudi, una nguvu bado. Ukinyooka kama mpira bila kurudi, au ukiteleza vidoleni kwa ulaini usio wa kawaida, koteksi imeanza kuharibika na mchanganyiko unapaswa kuoshwa papo hapo bila kusubiri rangi ifike inakotakiwa.

Nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha ni suala linalohitaji msimamo mkali. Dawa hiyo, iwe ya sodiamu haidroksaidi au ya aina nyingine yenye alkali, hunyoosha nywele kwa kubadilisha vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele, na vifungo hivyo havirudi tena. Blichi nayo huharibu sehemu ya vifungo vilivyosalia. Wasusi wapo wanaofanya yote mawili na kufanikiwa, lakini kuzungukwa na mifano ya mafanikio hakupunguzi hatari kwa kichwa kinachofuata, na ushauri unaostahili hapa ni kwamba blichi ya shampuu isitumike kwenye nywele zenye dawa ya kulainisha. Kiondoa rangi kinaweza kujaribiwa kwenye kishungi kimoja, na kisipotosha, mtu abaki na weusi wake hadi sehemu yenye dawa ikatwe.

Mfano mmoja kwa undani

Achukuliwe mteja mwenye nywele za asili za kipilipili zisizo na dawa ya kulainisha, ambazo zikinyooshwa hufika sentimeta 25. Rangi yake ya kuzaliwa ni ngazi ya 2. Zamani alipaka rangi ya kahawia ya kudumu, baadaye akaifunika kwa nyeusi ya boksi, na miezi kadhaa baadaye akapaka nyeusi tena kichwa kizima. Sasa ana nywele mpya zilizoota za sentimeta 5 zisizo na rangi, naye anataka kahawia ya ngazi ya 4. Kwa macho, kichwa chote ni cheusi kimoja. Kwa ndani, kina sehemu tatu tofauti: sentimeta 5 za mwanzo karibu na ngozi ambazo hazijawahi kuguswa, sentimeta 8 za katikati zilizopakwa nyeusi mara moja, na sentimeta 12 za ncha zilizobeba kahawia na nyeusi mara mbili.

Kishungi cha majaribio kwanza huonyesha kwamba hakuna metali. Kiondoa rangi kikipakwa kwenye sehemu mbili za chini tu na kuoshwa sawasawa, nywele mpya hubaki kwenye ngazi ya 2, kwa kuwa hazina rangi ya kuondolewa. Sehemu ya katikati huonekana kwenye ngazi ya 3 yenye wekundu, kwa sababu peroksaidi ya boksi la nyeusi ilikwishachoma melanini kiasi. Ncha hutoka na mabaka: baadhi zimefika ngazi ya 4 yenye wekundu wa kutu, na nyingine bado nyeusi pale ambapo rangi ilirundikana. Mteja asiyeandaliwa huyaona mabaka haya kama uharibifu wa dawa, ilhali ni historia ya kichwa chake iliyofichuliwa, na hakuna kiondoa rangi ambacho kingeificha.

Ikiwa kipimo cha peroksaidi ya asilimia 3 kinaonyesha kwamba mabaka hugeuka kuwa meusi zaidi, kiondoa rangi hurudiwa mara moja baada ya siku chache, nywele zikiwa zimepumzishwa kwa kiyoyozi chenye unyevu mwingi. Uvumilivu wa hatua hii hulipa kuliko hatua nyingine yoyote, kwani kila kiasi cha rangi kitakachotoka kwa njia hii ni kiasi ambacho blichi haitahitaji kukiondoa. Kiondoa rangi na blichi visiwahi kukutana kichwani, kwa maana kimoja hutoa oksidisho na kingine hulirudisha nyuma, na vikichanganyika hutoa joto na gesi yenye harufu kali. Nywele zioshwe kabisa na kukauka kati ya hatua hizo mbili.

Mabaka yaliyobaki baada ya mara ya pili ndiyo hupakwa blichi ya shampuu, na hupakwa mabaka hayo peke yake kwa brashi ndogo, kwa kipimo cha peroksaidi ya asilimia 3. Baada ya dakika 10 hadi 15 hufika ngazi ya 4 au ya 5 yenye wekundu wa chungwa. Sehemu ya katikati, iliyoko ngazi ya 3, huweza kupakwa kwa dakika 5 za mwisho tu ili ikaribie wenzake. Nywele mpya karibu na ngozi haziguswi kabisa, kwa sababu joto la kichwa huharakisha blichi hapo na matokeo yake huwa mstari wa chungwa uliong'aa juu ya ncha nyeusi, kosa ambalo ni gumu kulisahihisha kuliko tatizo la mwanzo.

Kinachofuata ni kutuliza wekundu. Kijani huzima wekundu, buluu huzima uchungwa, na urujuani huzima njano, kwa hiyo nywele za ngazi ya 4 na ya 5 zilizo nyekundu zenye uchungwa zinahitaji kahawia ya majivu, yaani kahawia yenye msingi wa buluu na kijani, isiyo na peroksaidi. Nywele zilizotoka kwenye kazi hii zina magamba wazi na hunywa rangi haraka mno. Kahawia ya ngazi ya 4 ikipakwa itatoka kama ngazi ya 3 au nyeusi, na ndiyo maana huchaguliwa ngazi ya 5 au ya 6, hupakwa kwenye ncha mwishoni na kuoshwa mapema zaidi. Wengi waliopambana na nyeusi kwa siku nzima huirudisha hapahapa, kwa kuchagua rangi yenye namba ya lengo lao badala ya namba iliyo juu yake.

Nywele mpya za ngazi ya 2 hubaki. Zinaweza kuachwa zilivyo, na watu wengi huridhika, kwa kuwa giza karibu na ngozi na kahawia kuelekea chini huonekana kama jambo lililopangwa. Akitaka zifanane, wiki mbili baadaye rangi ya kudumu ya ngazi ya 5 yenye peroksaidi ya asilimia 6 hupakwa kwenye nywele hizo mpya tu, maana hapo hakuna rangi ya dukani ya kuizuia na inaweza kupandisha ngazi moja au mbili yenyewe. Kabla ya siku hiyo, tone la rangi hupakwa nyuma ya sikio au kwenye kiwiko na kuangaliwa kwa saa 48, kwani PPD huweza kuleta mzio hata kwa mtu aliyeitumia miaka mingi bila shida, na aliyewahi kubabuka kwa piko mikononi asiipake kichwani kamwe.

Kahawia ya muda iliyotuliza wekundu itafifia ndani ya wiki nne hadi sita kulingana na idadi ya kuoshwa, na wekundu utarudi, kwa sababu uko kwenye melanini yenyewe. Kupaka tena kila mwezi kwa rangi isiyo na peroksaidi hakuongezi madhara makubwa. Kinachopaswa kuepukwa ni kuurudia mzunguko wa blichi kila wekundu unapojitokeza, kwani kila mara blichi ikipita nywele hupanda ngazi nyingine na kuzidi kuwa za chungwa, ilhali aliyetaka kahawia ya ngazi ya 4 alikuwa amekwishafika siku ya kwanza na alihitaji rangi ya kufunika tu.